Tupeane uzoefu: duka la vitabu na steshenari karibu na chuo, jina mlilipataje?

Fremu ya Msewe: Habari zenu wakuu. Nimepata fremu Msewe, njia wanayopita wanafunzi wakitoka Mlimani kurudi magetoni. Nitauza vitabu na madaftari, nitatoa kopi, kuprinti na kubaindi ripoti. Nataka jina ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na mhadhiri wake wote wataona ni lao. "Mlimani" nimeliacha, lina wenyewe wengi: kuna maduka makubwa, kuna bendi ya dansi tangu 1978. Ninyi mlifanyaje?

Kijana wa Savei: Chukua kifupisho cha chuo uongeze "Vitabu". Ukishasajili BRELA hakuna wa kukugusa.

Mzee wa Rimu: Mimi niko Morogoro, mwaka wa tisa sasa. Nilianza na jina "Desa Senta". Wanafunzi walilipenda siku hiyo hiyo, maana desa ni neno lao la notsi za kunakili. Mwezi wa tatu akaja mhadhiri kuchukua rimu nne na wino wa printa kwa fedha za masurufu. Nikamwandikia risiti, akaisoma, akanirudishia. "Mzee, nikiipeleka hii kwa mhasibu nitaeleza nini? Sisi kudesa ndiko tunakokukataza darasani." Rimu zikabaki kaunta.

Sikukimbilia jina jingine. Kwa wiki mbili niliandika nyuma ya daftari la mauzo kila nilichosikia mtu akimwelekeza mwenzake kwenye simu: "Niko hapa..." Karibu wote walisema "niko mkwajuni". Mbele ya duka kuna mkwaju, na wanaosubiri kopi hukaa kivulini. "Desa Senta" nililisikia mara tatu tu. Kilichonishtua ni wahadhiri: nao walisema mkwajuni. Jina walishanipa, mimi nilikuwa sijalisikia.

Nikasajili "Mkwajuni Vitabu na Steshenari". Kosa langu likawa mpangilio. Nilibadilisha kibao kwanza, Lipa Namba ikabaki na jina la zamani. Mwanafunzi akitaka kulipa anaona kwenye simu jina lisilofanana na la mlangoni, anasita: "Mzee, ndiyo yenyewe hii?" Wengine walighairi kabisa. Anza na usajili, kisha Lipa Namba, risiti na muhuri. Kibao kiwe cha mwisho.

Na wewe Kijana, hapo umesema nusu tu ya ukweli. Msajili anaweza kulikataa jina linalopotosha watu wadhani duka ni la chuo. Hata likipita, kusajili jina la biashara siyo kumiliki alama ya biashara, hayo ni mambo mawili. Jirani yangu alijaribu kitu kama hicho, akawa anaulizwa kila siku matokeo yanatoka lini.

Mama Saluni: Mimi saluni yangu niliipa jina la mwanangu wa kwanza na wateja wapo. Samahani kutoka nje kidogo, mashine ya kopi iliyotumika inauzwaje siku hizi? Nataka kuweka moja pembeni.

Njoro: Huku kwetu Kenya mambo ni tofauti na ya Mzee. Niliandika "Komredi" mlangoni, kwa sababu wanafunzi wa chuo huitana hivyo. Nilidhani walimu watajitenga. Mhadhiri mmoja mwenye mvi akaingia, akasoma kibao, akaniambia, "Hata mimi nilikuwa komredi." Mpaka leo huagiza vitabu vya darasa lake kwangu. Kwa hivyo lugha ya wanafunzi si shida, shida ni neno lenyewe linabeba nini.

Mzee wa Rimu: Hilo nalikubali. Komredi ni heshima, na aliyehitimu hubaki nayo. Desa mtu akishakuwa mwalimu hataki kuonekana nayo. Ila risiti yako wahasibu wanaipokea bila maswali?

Njoro: Kwenye risiti nimeandika jina refu, "Komredi" ikifuatwa na "Vitabu na Vifaa vya Ofisi". Hawajanirudishia hata moja.

Fremu ya Msewe: Mzee, nimefanya kama ulivyosema. Jana nilikaa nje ya fremu kuanzia saa tisa mpaka magharibi. Wengi wanasema "pale kwa muuza chipsi", kwa sababu yuko hapo kwenye kona. Sasa yeye akihama? Na si uungwana kuchukua jina ambalo yeye ndiye aliyelitafuta.

Mzee wa Rimu: Mkwaju hauhami, muuza chipsi anahama. Hao wanaopita jioni wana njaa, lazima waseme chipsi. Kaa asubuhi pia, wakiwa wanapanda kwenda darasani.

Fremu ya Msewe: Kesho niko hapo saa moja asubuhi na daftari.

Mama Saluni: Bado nasubiri bei ya mashine jamani.