Tupeane uzoefu: alamu ya databesi iliyonyamaza siku uliyoihitaji

fundi_diski
Wakuu habari za leo. Naomba tusimuliane kuhusu alamu tulizoweka kwenye databesi halafu siku ya siku zikakaa kimya. Naanza na yangu.

Tuna Postgres, seva kuu moja na replika moja, diski ya seva kuu GB 200 na zilikuwa zimebaki kama 70. Alamu ya replika niliiweka kwenye pg_stat_replication, ikichelewa zaidi ya dakika 5 nipigiwe simu. Ijumaa saa 12 jioni replika ikazimika yenyewe, na sikupigiwa, kwa sababu replika ikikata mawasiliano ule mstari wake kwenye pg_stat_replication unaondoka kabisa, hakuna namba ya kulinganisha na dakika 5, basi alamu inaona kila kitu shwari. Huku nyuma sloti inaishikilia seva kuu isifute faili za pg_wal mpaka replika irudi, na sisi tunaandika kama GB 1.5 kwa saa. Alamu ya diski kujaa asilimia 90 ililia saa 9 usiku wa kuamkia Jumapili lakini inaenda kwa imeli, nani anasoma imeli saa hizo. Jumapili kama saa 11 jioni diski ikajaa, Postgres ikaanguka, wateja hawalipi.

Binti_Tanga
Pole sana kaka. Mliitoaje? Maana mimi nilishawahi kuingia pg_wal nikafuta faili za zamani na ikawaka.

fundi_diski
Dada hapo ulibahatika, usirudie. Zile faili ndizo Postgres inazisoma ikiinuka baada ya kuanguka, ukifuta inayohitajika umepoteza data. Sisi tuliongeza diski GB 20 ikawaka, tukaidondosha sloti kwa pg_drop_replication_slot, tukapiga CHECKPOINT, nafasi ikarudi. Replika tukaijenga upya kwa pg_basebackup.

kijana_wa_zamu
Kwani si ungepima kwa replika yenyewe, now() ukatoa pg_last_xact_replay_timestamp()? Mi ndo natumia hiyo na iko poa.

Mzee_wa_Logi
Kijana, hiyo inasaidia replika ikiwa hai. Ikizima utaiuliza nani? Halafu usiku kama hakuna anayeandika chochote hiyo namba inapanda tu wakati replika haijachelewa hata kidogo, utaamshwa bure mpaka uizime alamu. Sloti inabaki kuonekana kwenye seva kuu hata replika ikifa, kwa hiyo uliza pale:

```sql
SELECT slot_name, active,
  pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn) AS baiti
FROM pg_replication_slots;
```

Mimi nikiona active ni f kwa dakika 10, simu inaita. Baiti zikizidi GB 10, inaita pia. Na kwenye diski asilimia peke yake hainitoshi, naangalia kasi inavyojaa, kama kwa mwendo wa saa 6 zilizopita itaisha ndani ya saa 24 nataka kujua leo hii. Fundi angejua Jumamosi jioni.

mama_wa_seva
Yangu ni ya konekisheni, sijui kama inahusika. max_connections ni 100, nikaweka alamu ilie zikifika 98. Haikulia hata mara moja na wateja wanapata "remaining connection slots are reserved". Kumbe 3 zimetengwa kwa superuser, aplikesheni zinaishia 97, na skripti yangu ya kupima inaingia kama yuza wa kawaida kwa hiyo nayo inakataliwa mlangoni. Sasa nimeshusha hadi 80, na skripti ikikosa kuingia hilo lenyewe linalia.

Mzee_wa_Logi
Inahusika mama, tena sana. Kweri za polepole nazo zina mtego wa aina hiyo, log_min_duration_statement inaandika kweri ikishamaliza. Iliyokwama dakika 40 haipo kwenye logi, lazima uitafute kwenye pg_stat_activity ikiwa bado inakimbia.

Binti_Tanga
Alamu yangu ya kweri ndefu inalia kila usiku pg_dump ikianza.

Mzee_wa_Logi
Mpe pg_dump yuza wake, umtoe kwenye hesabu.

kijana_wa_zamu
Ila si kuna max_slot_wal_keep_size toka Postgres 13? Weka GB 40, ikipita sloti inakufa na seva kuu inapona. Alamu za nini tena.

fundi_diski
Nimeiweka, ndiyo, yenyewe inakuja na -1 yaani haina kikomo. Lakini ikipita hapo replika ndiyo imeachwa, na kuijenga upya kwetu ni saa 5 bila replika yoyote.

mama_wa_seva
Mie bora nipoteze replika kuliko seva kuu.

Mzee_wa_Logi
Kama ripoti za benki zinasomwa kwenye replika hutasema hivyo mama. Kwetu tumeiacha -1 na diski tumeongeza, bado tunabishana.