Dawa ya bwawa: maji ya asidi ya hipoklorasi au klorini ya unga?

Msimamizi_Bagamoyo
Habari za asubuhi wakuu. Nasimamia nyumba ya wageni huku Bagamoyo, tuna bwawa dogo la kuogelea. Bosi anataka pendekezo moja kabla ya Ijumaa. Tangu nifike tunatumia klorini ya unga ya ndoo, ile ya asilimia 65. Sasa kuna muuzaji kaja na madumu ya maji anayoyaita asidi ya hipoklorasi. Anasema unga wetu unatoa hipokloriti, ambayo ni dhaifu, na dawa yake inaua vijidudu mara 80 zaidi. Bei ya dumu si mbaya. Nichukue ipi?

Mzee_Kipimo
Swali limekuja nusu. Bwawa lina ukubwa gani? pH inasoma ngapi? Na kwenye dumu pameandikwa klorini kiasi gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

BiMwanaidi
Mwanangu, achana na vyote viwili. Nunua vidonge vile vikubwa vya gramu 200, weka kwenye kikapu cha kuelea, wiki nzima umetulia. Mimi natumia hivyo miaka na maji yangu meupe.

Shombo_Mkavu
Muuzaji hajadanganya. Asidi ya hipoklorasi haina chaji, inapenya ukuta wa kijidudu kirahisi. Hipokloriti ina chaji hasi na ukuta wenyewe una chaji hasi, vinasukumana. Hiyo mara 80 hata mimi nimeisoma. Chukua dumu.

Msimamizi_Bagamoyo
Samahani wakuu. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina kwa wastani mita 1.4. Maji ya kisima. Jana pH ilisoma 8.2 na klorini 2. Dumu ni la lita 20, limeandikwa miligramu 500 kwa lita. Kinachomkera bosi ni kwamba klorini inasoma vizuri lakini kuta zinateleza na maji yana ukungu.

Mzee_Kipimo
Hapo sasa tunaongea. Shombo, mara 80 ni kweli, ila muuzaji ameishia katikati ya habari. Hizo si dawa mbili tofauti. Ni klorini ileile, na kinachoamua iwe ya namna gani ni pH ya maji inamoingia. Kwenye 7.5 ni takribani nusu kwa nusu. Chini ya hapo asidi inaongezeka, juu ya hapo hipokloriti inatawala. Ukimimina asidi safi ya dumu kwenye bwawa la pH 8.2, papo hapo sehemu kubwa inageuka hipokloriti. Na ukiweka unga kwenye bwawa la 7.2, sehemu kubwa inakuwa asidi.

Tazama bwawa lako. Kipimo chako cha vidonge vya rangi ya waridi kinahesabu zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana kinasema 2. Kwenye pH 8.2 asidi ni kama sehemu moja ya sita tu, yaani miligramu 0.33 kwa lita. Shusha pH hadi 7.2 bila kuongeza klorini hata chembe, unapata kama 1.3. Kuipata hiyo 1.3 ukiwa bado kwenye 8.2, ungehitaji klorini isome 8.

Sasa dumu. Bwawa lako ni kama lita 45,000. Kupandisha klorini kwa 2 unahitaji gramu 90 za klorini. Kwa unga wa asilimia 65 ni gramu 140 hivi, viganja vichache. Kwa maji ya miligramu 500 kwa lita ni lita 180. Madumu tisa kwa dozi moja. Na maji hayo yakikaa stoo yenye joto nguvu yake inashuka, hivyo huenda yakahitajika zaidi.

Shombo_Mkavu
Madumu tisa! Nimekubali kwa hilo. Lakini kama pH ndiyo kila kitu, si ashushe mpaka 6 tu, apate asidi karibu yote? Ya nini kuhangaika na 7.2?

Fundi_Masota
Shombo usimpoteze kijana wa watu. Ngoja niwape kisa. Kuna hoteli moja pwani (siitaji) niliitwa kuangalia pampu. Mhudumu wao alikuwa ametia klorini nyingi sana usiku kwa sababu ya mwani. Asubuhi akapima pH kwa ile dawa nyekundu ya matone, ikatoka zambarau. Akadhani pH imepanda mno, akamimina asidi. Akapima, zambarau. Akamimina tena. Akaendelea hivyo siku kadhaa, huku akiongeza klorini pia.

Ile zambarau haikuwa pH. Klorini ikizidi sana inaiharibu rangi ya ile dawa, inakupa jibu la uongo. Nilipofika nikapima kwa mashine, pH ilikuwa chini ya 6. Saruji ya katikati ya vigae imeliwa, unaichokoa kwa kucha. Mabomba ya shaba ya kupasha maji yalikuwa yameanza kuvuja, na kuta za bwawa zimepata madoa ya kijani-bluu, watu wakidhani ni mwani. Wageni wanalalamika macho. Asidi ya hipoklorasi ilikuwepo tele, bwawa ndilo lilikuwa linakufa.

Kwa hiyo ni 7.2 hadi 7.6, usishuke hapo. Subiri klorini ishuke ndipo upime pH. Asidi tia kidogo pampu ikizunguka, ngoja saa kadhaa, pima tena. Na asidi na unga wa klorini visikutane ndoo moja hata kwa bahati mbaya, ile gesi inaua.

Nuru_wa_Kibaha
Jamani na mimi nisaidieni. Nina tangi jipya la saruji la maji ya kunywa, lita 5,000, natia jiki lakini majirani wanasema haifanyi kazi. Nitie asidi?

Mzee_Kipimo
Dada Nuru, usitie asidi kwenye maji ya kunywa. Saruji mpya inatoa chokaa, pH inaweza kupita 9, na hapo karibu klorini yote ni hipokloriti. Jaza, acha siku mbili tatu, mwaga, rudia mpaka pH ishuke. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.5 kwa lita ibaki baada ya nusu saa, pH ikiwa chini ya 8. Juu ya hapo muda lazima uwe mrefu zaidi. Kwa sasa chemsha ya kunywa.

BiMwanaidi
Mbona vidonge vyangu havijajibiwa? Bwawa langu linasoma 7.8 na sijawahi kuona shida.

Mzee_Kipimo
Bi Mwanaidi, hesabu yangu haikuhusu wewe, na hilo nakupa. Vidonge vyako vina asidi ya sayanuriki, ile kinga ya jua. Inashikilia sehemu kubwa ya klorini na kuiachia kidogokidogo, kwa hiyo pH haibadilishi mambo sana kama kwa huyu kijana. Lakini kinga hiyo haiishi. Kila kidonge kinaiongeza, na ikizidi klorini inasoma 3 huku inafanya kazi kama haipo. Unaipunguza kwa kumwaga maji tu.

BiMwanaidi
Nami namwaga kila mwaka. Ndiyo maana sijawahi kuona shida.

Fundi_Masota
Hapo umenikumbusha. Msimamizi, kabla hujafika wewe walikuwa wanatumia nini? Kama ni vidonge na maji hayajamwagwa, utelezi wa kuta huenda hautokani na pH peke yake.

Msimamizi_Bagamoyo
Fundi, hapo sijui. Stoo kuna ndoo kuukuu isiyo na lebo, ina vidonge vyeupe viwili. Nimeshusha pH leo mpaka 7.5, ukungu bado. Kipimo cha hiyo sayanuriki kinapatikana wapi Dar?

Fundi_Masota
Usivitupe kwenye unga hivyo vidonge, vinaweza kuwaka moto. Kipimo ni kile kinachogeuza maji kuwa meupe kama maziwa, uliza maduka ya vifaa vya mabwawa. Wengine hawaweki.

Nuru_wa_Kibaha
Mzee, hizo siku mbili tatu ni mara ngapi? Maji huku yanakuja kwa zamu.