Skani ya sanamu ya Kimathi: tuwape watu nyepesi au nzima?

"Tumepiga picha sanamu ya Dedan Kimathi pale Kimathi Street, Nairobi, tutengeneze modeli yake ya 3D. Meshi, yaani wavu wa pembetatu unaounda umbo, imetoka na pembetatu milioni 6, pamoja na barabara na kuta za nyuma. Wenzangu wanataka tukate yote hayo, tuipunguze hadi 300,000, na umma upewe hiyo tu. Mimi naona tunawapunja watu. Mwasemaje?"

Otis wa Ngara: Kateni, punguzeni, toeni. Simu ya mwanafunzi wa Kayole itaganda kabla hata sanamu haijaonekana. Rangi za picha zitaficha upungufu wote.

Mwalimu Njoki: Otis, kwa anayetazama kwa mbali, ni kweli. Lakini rangi haifichi ukingo. Amri ya programu ya MeshLab ya `Quadric Edge Collapse Decimation` huanza kuondoa pembetatu palipo laini, na shaba inayong'aa hutoka na vipele vya uongo ambavyo programu huvihesabu kama nakshi. Kwa hiyo vipele vinabaki, huku mtutu wa bunduki na kile kisu mkononi vikinyong'onyea. Lainisheni vipele kwanza, mpunguze kwa hatua, kisha mpime kwa `Hausdorff Distance` umbali kati ya meshi ya kabla na ya baada ya kupunguza. Tofauti kubwa ikijazana kwenye mtutu, mmepitiliza.

Halafu, kipimo mlichukua wapi?

Muulizaji: Upande mmoja wa kitako, kwa futi kamba.

Mwalimu Njoki: Basi asikikate mtu kitako kwenye modeli kabla ya kuipa modeli kipimo! Picha zinatoa umbo, hazitoi mita. Tuseme futi ilisoma mita 0.8 na kwenye modeli upande huo ni 2.5: gawanya, upate 0.32, uzidishe modeli nzima. Kisha linganisha na umbali wa pili ambao hukuutumia. Na upande uwe mrefu. Kosa la milimita 1 kwenye sentimita 10 ni asilimia 1, na kwa sanamu ya mita 2 hiyo ni sentimita 2 nzima.

Baraka: Mimi nilitaka kuchapa kinyago changu kwa printa ya 3D, kikaonekana nukta tu kwenye skrini. Ndiyo shida hii?

Mwalimu Njoki: Hapana, yako ni nyingine. Faili la STL halibebi jina la kipimo. Wewe ulihifadhi kwa mita, programu ya kuchapa ikasoma milimita. Zidisha kwa 1000.

Mama Zawadi: Kitako nacho ni sehemu ya ukumbusho, kibaki hata baada ya kupima. Barabara iende. Ila picha asili zina nyuso za wapita njia na namba za magari. Hizo nazo mtazitoa?

Otis wa Ngara: Kwenye mtutu nimekubali. Lakini nani atalipia kuhifadhi hiyo ya milioni 6?

Muulizaji: Hatujapata. Meshi nzima tunaweza kuiweka kwenye diski mbili, sehemu tofauti, na anayeihitaji aiombe. Picha asili bado tunabishana.

Mama Zawadi: "Aiombe" kwa nani? Hapo ndipo watu hufungiwa mlango.