Tupeane uzoefu: mtoto asiye na kisukari, sukari inashuka asubuhi akilala bila kula

Mama Baraka, Kisumu: Naanza mimi. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, mwembamba, mchangamfu. Tulikuwa tunarudi kutoka matanga Siaya, akala andazi na chai saa kumi jioni, akalala kwenye matatu. Kufika nyumbani nikamwonea huruma, nikambeba hadi kitandani hivyo hivyo. Saa moja asubuhi nikamwita, akafungua macho lakini hanioni. Jasho baridi, midomo myeupe, ananukia mdomoni kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nikamnywesha maji, akayatapika.

Pale zahanati walianza na malaria, kwa sababu huku kwetu kila mtoto aliyelegea ni malaria. Hakuna. Mwuguzi mmoja akamtoboa kidole kwa glukomita: 2.1. Akawekewa dripu ya sukari, na kabla dripu haijafika nusu mtoto akauliza nimepeleka wapi viatu vyake. Nililia pale pale. Mkojo ulipopimwa, karatasi ikageuka zambarau nzito, ketoni tele. Wenzangu mliopitia haya, mlifanyaje?

Baba Wanjiru, Nakuru: Pole sana, Mama Baraka. Wetu alipatwa mara mbili, ya pili kwa degedege, majirani wakasema ni kifafa. Siku hizi kabla alale nampa vijiko viwili vya glukosi ya poda kwenye maji. Sukari ndiyo inayoisha, kwa hiyo namwongezea sukari.

Nyanya wa Kondele: Mjukuu wangu naye ni wa kisukari, anadungwa insulini. Mpunguzieni dozi ya usiku, mtaona.

Mama Baraka: Asante nyanya, lakini huyu wangu hana kisukari, hadungwi chochote. Inashuka yenyewe akikaa na njaa.

Mwuguzi wa watoto, Kakamega: Nyanya, ushauri wako ni wa huyo mjukuu na daktari wake. Hawa ni wengine kabisa. Ini la mtoto mdogo huweka akiba ndogo ya sukari, na ubongo wake unakula nyingi. Akiba ikiisha, mwili unachoma mafuta, ndipo ketoni zinajaa. Ndizo zinazoleta kichefuchefu na ile harufu, Mama Baraka.

Baba Wanjiru, uko karibu lakini glukosi hupita haraka. Saa nane usiku haipo tena. Mpe kinachokaa tumboni: ugali na maharagwe, viazi vitamu, na maziwa kabla ya kulala. Glukosi iweke kwa siku ya dharura. Siku hiyo, akiwa macho, mpe kinywaji chenye sukari kidogo kidogo. Asipoweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, lowesha sukari kijiko kimoja cha chai, iweke chini ya ulimi, na mwende hospitali.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: ketoni hutangulia, sukari hufuata saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo akiwa na homa au akikataa chakula, pima mkojo kwa zile karatasi. Ukiona rangi inakolea, anza vinywaji vyenye sukari hata kama anacheza. Ukingoja alegee umechelewa, maana kufikia hapo atatapika.

Mama wa Bungoma: Sisi tuliambiwa wanga wa mahindi mbichi usiku. Nikakoroga unga wa ugali na maziwa baridi. Mtoto aliumwa na tumbo siku tatu.

Mwuguzi wa watoto, Kakamega: Pole, dada. Si unga wa ugali. Ni konflawa, ule mweupe laini kama poda wa kutengenezea kastadi. Haupikwi, kwa sababu ukipikwa unasagika upesi tumboni. Kipimo kinatokana na kilo za mtoto, basi usianze bila daktari.

Baba Wanjiru: Mbona basi daktari wetu bado anataka kumpima zaidi? Si tumeshajua ni njaa?

Mwuguzi wa watoto, Kakamega: Kwa sababu upungufu wa homoni fulani, au ini lisiloweza kuhifadhi sukari vizuri, huanza vivi hivi. Damu inayosema ukweli ni ile iliyotolewa sukari ikiwa chini, kabla ya dripu, mradi isimcheleweshe mtoto. Baada ya dripu ushahidi umepotea. Na sukari ikiwa chini bila ketoni, hilo ni jambo jingine zito; asirudishwe nyumbani hivi hivi.

Mama Baraka: Wangu hakutolewa. Sasa ana miaka minne, hajarudiwa tangu nianze kumwamsha kwa uji akilala bila chakula. Nasikia wengi huacha wakifika minane au tisa. Mwenye mtoto aliyeshafika huko, alijuaje ni salama kuacha kumwamsha?

Mama wa Bungoma: Wangu ana saba. Bado naamka.