Mrejesho: samaki wa kupaka kwa tui la kopo

Niliuliza: "Nipo Hamburg na familia. Nataka samaki wa kupaka wa Mombasa, ila supamaketi ina tui la kopo tu, ukwaju hakuna. Nifanyeje?"

Asanteni wote, wamekula wakamaliza. Aliyesema nisome maandishi ya kopo alijua anachosema. Lenye E 412, yaani gundi ya guar ya kushikilia tui, halijitengi hata likilala kwenye friji. Lenye nazi na maji tu, bila kulitikisa, asubuhi unakuta tui zito juu na maji chini, yaani tui la kwanza na la pili bila kukuna nazi!

Tui zito nikaliweka kando. Maji yale nikapikia nyanya, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili na kijiko cha chai cha bizari ya manjano. Yalipokaribia kukauka nikatia lile zito, moto mdogo, nikakoroga mpaka rojo likashika kijiko. Moto ukizidi, mafuta yanaelea na tui linakatika punjepunje.

Badala ya ukwaju nilikamua ndimu baada ya kuzima jiko, na sukari ya kahawia kidogo, maana ndimu ina ukali mtupu. Samaki ni dorade, anayefanana na changu. Nikamchanja, nikamchoma kwa moto wa juu wa oveni, nikampaka na kumrudisha kila upande mpaka rojo likaanza kuungua madoa.

Harufu ya makaa haikupatikana. Paprika ya moshi, nusu kijiko cha chai, ilisogea karibu, lakini mama mkwe hakudanganyika.