Mjadala: Akili mnemba ikiotea simu yako kwa maandishi yako, ni haki?

Salma wa Tanga: Mama mdogo alikuwa anasaidiwa na akili mnemba kuandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, ng'ombe wa jirani wamemlia mahindi. Katikati ikamwambia, "Naona unatumia aifoni." Hakuwa ameitaja popote. Akazima simu na kutoa laini, akijua ameingiliwa. Hii ni haki?

Juma: Aliipa ruhusa ya kamera na faili huyo. Azifute zote.

Fundi Rehema: Juma, kukagua ruhusa ni vizuri, ila hapa hazikuhitajika. Tazama ritifaa kwenye barua yake. Aifoni, ukiiacha ilivyotoka kiwandani, huipinda: ng’ombe. Androidi nyingi huiacha imenyooka: ng'ombe. Barua ya ng'ombe ina ritifaa kila mstari, basi ikaotea. Na kuotea huko hukosea kirahisi. Ukinakili maneno kutoka Word, ritifaa huja imepinda hata kama uko kwenye kompyuta. Aliyezima Smart Punctuation, ule mpangilio unaoipinda, kwenye aifoni yake, hubaki imenyooka. Tena nyumba ngapi simu moja inashikwa na watu watatu?

Mzee Kombo: Mimi simu yangu iliibwa Kariakoo. Hiyo ritifaa inaweza kunionyesha iko wapi?

Fundi Rehema: Haiwezi, mzee wangu, pole sana. Funga laini na utoe taarifa polisi.

Baraka: Sioni kosa. Muuza duka naye hukuangalia viatu kabla hajataja bei.

Fundi Rehema: Muuza duka unamwona anavyokuangalia, na unaweza kwenda duka la pili. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba tovuti ya usafiri ya Orbitz ilikuwa ikiwatangulizia watumiaji wa Mac hoteli za bei ya juu kuliko wa Windows. Pale kompyuta ilijitambulisha yenyewe. Hapa tunazungumzia mtu kupangwa kuwa mwenye nacho au asiye nacho kwa namna alivyoandika ng'ombe, wakati yeye alikuja na shida ya mahindi. Hilo nalikataa kabisa. Mama mdogo angeuliza jinsi ya kuhifadhi barua, hapo aina ya simu ina kazi, na swali moja linatosha: "Unatumia simu gani?" Akijibu, itumike kwa hatua hizo tu, isiandikwe pembeni kama sifa yake.

Salma wa Tanga: Lakini dada, ikijua ikanyamaza, si ndiyo inanificha? Bora iseme.

Fundi Rehema: Ukiiuliza, ikujibu wazi na ikuonyeshe ni alama ipi iliyoifanya ikisie. Ila kumrushia mtu jambo hilo ambaye hajauliza, ni kumtisha.

Baraka: Na asiyejua kwamba kuna la kuuliza?

Salma wa Tanga: Ndiyo mama mdogo huyo. Nimemwonyesha ritifaa zote mbili, akazitazama kwa miwani muda mrefu. Laini kairudisha. Barua kaimalizia kwa kalamu.