Fenoli inasema miligramu 9, DNS inasema 1.5. Niamini ipi?

Kijana_wa_Tubu:
Wakuu, nimekwama na ripoti inatakiwa wiki hii. Nimemeng'enya wanga kwa kimeng'enya, kisha sampuli ileile nikaipima sukari kwa njia mbili. Fenoli na asidi ya salfuriki imenipa miligramu 9 kwa mililita. DNS imenipa 1.5. Standadi ni glukosi kote. Nataka nigawanye 9 kwa 1.5, niandike kwamba minyororo iliyobaki ina wastani wa glukosi 6. Kuna ubaya?

AsidiKali:
DNS achana nayo. Haioni hata sukari ya mezani. Fenoli inaona kila kitu, tumia hiyo tu.

BiSpektro:
AsidiKali, kuhusu sukari ya mezani uko sahihi, lakini hilo silo swali. Asidi kali inavunja mnyororo wote, ndiyo maana fenoli inatoa jumla. DNS inahesabu ncha huru, moja kwa kila mnyororo. Kwa hiyo kugawanya kuna mantiki, mradi kila namba iwe safi. Kijana, bafa yako ina nini?

Kijana_wa_Tubu:
Bafa ya kawaida tu.

BiSpektro:
Kawaida ipi, mdogo wangu? Taja kila kilichomo.

Kijana_wa_Tubu:
Fosfati, na DTT milimola 5 kwa lita. Bila DTT kimeng'enya changu kinakufa. Blanki nilitumia maji, na sidhani kama kiasi kidogo hivyo kinaharibu kitu.

BiSpektro:
Hapo ndipo penye tatizo. DNS haijui sukari, inajua kitu chochote kinachotoa elektroni. DTT inatoa, vitamini C inatoa. Tuseme kila molekuli ya DTT inahesabiwa kama glukosi moja: milimola 5 mara 180, uzito wa moli ya glukosi, ni miligramu 0.9 kwa mililita. Toa kwenye 1.5, inabaki 0.6. Gawanya 9 kwa 0.6, unapata 15, siyo 6. Sisemi jibu ni 15, maana sehemu ya DTT huenda imeshaisha kwa kukutana na hewa. Nasema 6 yako haina miguu.

Mama_Pipeti:
Mimi napima juisi za matunda kwa fenoli na namba zinapanda ovyo. Mwisho niligundua ni nyuzi za karatasi ya kufutia tubu. Karatasi ni selulosi, na asidi inaihesabu kama sukari. Kijana, uliizimua mara ngapi?

Kijana_wa_Tubu:
Mara 200, ili iingie kwenye mstari wa standadi. Tubu nilizifuta kwa karatasi, ndiyo.

BiSpektro:
Basi hesabu: kwenye tubu una mikrogramu 45 tu. Uzi wa mikrogramu 5 ukidondokea humo baada ya kuzimua, unarudi kwenye hesabu kama miligramu 1 nzima kwa mililita. Dalili yake ni tubu moja kupanda peke yake huku pacha zake zikitulia. Weka hapa ufyonzaji wa tubu zako tatu.

Kijana_wa_Tubu:
0.462, 0.462, 0.462.

Jicho_Kali:
Wakuu, tunapotezewa muda. Mililita 5 za asidi zikimwagwa kwa mkono, tubu tatu hazilingani hadi tarakimu ya tatu. Joto la mchanganyiko ndilo linaloleta rangi, na kila mmwago una kasi yake. Hii data imetungwa.

Kijana_wa_Tubu:
Sijatunga! Niliandaa tubu moja nikaisoma mara tatu kwenye nanomita 490.

Jicho_Kali:
Sawa, nafuta kauli. Ila hiyo ni sampuli moja. Uzi wa Mama_Pipeti ungekuwemo usingeuona.

BiSpektro:
Rudia fenoli kwa tubu tatu tofauti: sampuli mililita 1, fenoli ya asilimia 5 mililita 1, kisha asidi mililita 5, imwagwe haraka katikati ya kimiminika, siyo kwenye ukuta wa tubu. Dakika 10, tikisa, dakika 20 kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30, soma. Tubu zioshwe na zikauke zenyewe, zisifutwe ndani.

Kwa DNS, blanki iwe bafa yenye DTT na kimeng'enya kilichochemshwa, bila wanga. Iache kwenye joto lilelile kwa muda uleule wa sampuli, la sivyo DTT yake itakuwa nyingi kuliko ya sampuli.

AsidiKali:
Si atumie Nelson-Somogyi, ile njia ya shaba?

BiSpektro:
Shaba yake nayo inapokea elektroni za DTT, kwa hiyo blanki haikwepeki. Faida yake ni kwamba minyororo mifupi inahesabiwa karibu na ukweli. DNS inachemshwa kwenye alkali kali, mnyororo unamenyeka mwishoni na kutoa ncha mpya, basi hata DTT ikiondoka, urefu utaonekana mfupi kuliko ulivyo.

Kijana_wa_Tubu:
Sampuli imebaki mililita 2 na Nelson sina. Nikitumia blanki hiyo, naweza kuandika wastani wa urefu?

Jicho_Kali:
Usiandike. Weka namba mbili, basi.

BiSpektro:
Mimi ningeandika, ila kama kiwango cha chini, na DTT itajwe palepale kwenye jedwali.